Yadi Sita Zilizopungua

Mama mmoja aliingia kwa fundi wake, Magomeni, na mfuko wenye vitenge viwili vya ua moja. Alitaka sare ya sendofu: gauni tatu fupi za wasichana na moja refu la kwake mwenyewe.

"Ni yadi sita sita, fundi. Nimetoka navyo Kariakoo sasa hivi."

Mafundi wengi wangevipokea, wakavikunja na kuvisukuma kwenye rafu, kisha wakaendelea na cherehani. Huyu alivitandaza mezani. "Kaa kidogo, mama, tuvipime wote wawili." Akashika futi kamba, mama akashika ncha ya kitambaa. Yadi 6 ni kama sentimita 549. Kitenge cha kwanza kilikuwa na sentimita 545, cha pili 530.

"Kumbe yule muuzaji amenipunja!"

"Leo amekupunja yeye. Usingeona mwenyewe, keshokutwa ingesemwa nimekupunja mimi."

Fundi akafungua kauntabuku lake, akaandika namba ya oda, 27, na mistari miwili, mmoja kwa kila kitenge. Akakata kijipande cha ukubwa wa stempu pembeni mwa kila kitambaa, akakipachika kwa stepla mbele ya mstari wake. Mama akatia saini. Kazi yote haikufika dakika tano, na ugomvi mwingi kati ya fundi na mteja huzaliwa kwa kuzikwepa dakika hizo.

Kitambaa cha mteja si mali ya duka. Vifungo, zipu, uzi na bitana mara nyingi ni vya fundi, lakini kitambaa kina mwenyewe, na mwenyewe atakiulizia. Kwa hiyo karatasi ya fundi ni tofauti na ya muuza duka. Muuza duka anataka kujua amebakiwa na nini. Fundi lazima ajue zaidi ya hapo: kilichobaki ni cha nani, na kilichoondoka kimeingia kwenye nguo ya nani. Namba ya oda ndiyo kamba inayofunga yote hayo. Iandikwe kwenye daftari, kwenye kikaratasi kinachobanwa kwa pini kwenye kitambaa, na kwenye risiti anayoondoka nayo mteja.

Kosa la kwanza katika madaftari mengi niliyoyaona ni kuandika "3" bila kusema tatu za nini. Vitenge tunanunua kwa yadi, vitambaa vya suruali na suti kwa mita, na futi kamba ina inchi upande mmoja na sentimita upande wa pili. Yadi 3 ni sentimita 274, mita 3 ni sentimita 300. Tofauti ya sentimita 26 inatosha kumnyima mtu mikono ya gauni lake. Ushauri wangu ni kuandika sentimita tupu tangu mwanzo hadi mwisho, bila nukta. Nukta ni rahisi kusahaulika, na mita 5.4 na 5.04 zikiandikwa haraka hufanana sana.

Upana nao uandikwe. Kitenge huwa na upana wa kama sentimita 115, ilhali kitambaa cha suti hufika 150. Urefu uleule kwenye upana tofauti hautoi nguo ileile.

Kama kitambaa ni pamba tupu, kipimwe mara mbili, kabla ya kulowekwa na baada ya kukauka, kwa sababu pamba hurudi. Kitambaa cha sentimita 545 kikirudi kwa asilimia 3 tu, umepoteza kama sentimita 16 kabla mkasi haujagusa kitu. Vitenge vya mama yule vilikuwa na mchanganyiko wa poliesta, hivyo fundi hakuvilowesha, akaandika "hakikuloweshwa" ili kesho asiulizwe.

Sasa tuje kwenye kukata. Kwa mishono waliyochagua, kila gauni fupi lilihitaji sentimita 240 na lile refu 300. Jumla ni 1,020. Vitenge viwili vilikuwa na jumla ya 1,075, kwa hiyo kwa hesabu ya jumla kitambaa kinatosha na kinabaki. Lakini nguo haikatwi kwenye jumla, inakatwa kwenye kipande.

Msaidizi wa fundi alikuwa ameshachukua kitenge cha kwanza, chenye 545, akitaka kutoa gauni mbili fupi, yaani 480. Kingebaki kipande cha 65. Kitenge cha pili chenye 530 kingetoa gauni refu la 300, kikabakiza 230, na gauni la mwisho linataka 240. Wangepungukiwa na sentimita 10 huku wana 65 zinazolala bila kazi. Fundi alitazama mistari yake miwili, akabadilisha mpango: gauni refu na moja fupi kwenye kitenge cha kwanza, jumla 540, fupi mbili zilizobaki kwenye cha pili, jumla 480. Zote nne zikatoka. Angekuwa ameandika mstari mmoja tu wa "vitenge, sm 1,075", asingeliona jambo hili mpaka mkasi uwe umeshapita.

Jioni ile daftari lilisomeka hivi, vipimo vyote vikiwa sentimita:

| Oda | Kipande | Kilichopokelewa | Kilichokatwa | Mabaki | Taka | Tofauti |
|---|---|---|---|---|---|---|
| 27 | A | 545 | 540 | 0 | 5 | 0 |
| 27 | B | 530 | 480 | 50 | 0 | 0 |

Safu ya mwisho ndiyo mlinzi. Chukua kilichopokelewa, toa kilichokatwa, toa mabaki, toa taka. Jibu liwe sifuri. Anayetumia jedwali la kwenye simu, na kilichopokelewa kikiwa kwenye safu ya C, ataandika `=C2-D2-E2-F2` na kuiburuta fomula hiyo chini. Lisipokuwa sifuri, kuna kitu hakikuandikwa, na ni rahisi kukikumbuka jioni ileile kuliko baada ya wiki mbili.

Fundi mwenye haya ataficha kosa kwenye safu ya taka. Kipande kikikatwa vibaya, kiandikwe "kimeharibika" pamoja na jina la aliyekata, kwa sababu hiyo ni gharama ya duka, wala si taka. Taka ikianza kukua mwezi hadi mwezi kwa mshono uleule, kuna sababu. Inawezekana vitambaa vilikuwa vyembamba kwa upana, au vina maua yanayotazama upande mmoja na hivyo ruwaza haziwezi kugeuzwa juu chini ili zibanane. Au msaidizi hajui kupanga ruwaza. Mawili ya kwanza unamweleza mteja mapema aongeze kitambaa. La tatu unalimaliza mezani.

Kwa zipu na vifungo hesabu inageuka, kwa sababu hivi vinatoka kwenye droo ya duka. Gauni nne za oda 27 zilitaka zipu nne za kujificha, za inchi 22, rangi ya maruni. Kwenye droo zilikuwamo tano. Fundi asiye na karatasi angesema zinatosha. Karatasi ilionyesha kuwa tatu zilishatengwa kwa oda 24, zilizo huru ni mbili, kwa hiyo mbili zikanunuliwe. Hiyo safu ya "zilizotengwa" ndiyo inayosahaulika kuliko zote, na ndiyo inayomfanya fundi akimbilie Kariakoo saa kumi na moja jioni, mkesha wa shughuli. Zipu iandikwe kwa aina, urefu na rangi, na kwa rangi neno peke yake halitoshi: "bluu" ya fundi si "bluu" ya muuzaji. Beba kijipande cha kitambaa.

Vifungo tunavinunua kwa grosi, yaani 144. Shati la shule lenye vifungo saba mbele linakupa mashati 20 kwa grosi moja na vinabaki vinne. Ukiwa na desturi nzuri ya kushonea kifungo cha akiba upande wa ndani, ni vinane kwa shati, na grosi inaisha kwenye shati la 18. Mafundi hukosea hapo Januari, wakati wa sare za shule: wanapiga hesabu ya saba, wanashona nane, halafu mashati mawili ya mwisho yanapata vifungo vya weupe mwingine.

Kuhusu uzi, namwomba fundi asijitese. Kupima uzi wa kila nguo kwa mita ni kazi isiyolipa. Mita moja ya mshono wa kawaida hula kama mita tatu za uzi, ukijumlisha wa juu na wa bobini, na ovaloki ya nyuzi tatu hula zaidi ya mita kumi kwa mshono wa urefu huohuo. Ndiyo maana koni za ovaloki huisha mbiombio. Njia nyepesi ni kuandika tarehe ndani ya koni unapoifungua, na kupiga mstari mmoja daftarini kwa kila nguo inayomalizika. Koni ikiisha, hesabu mistari. Baada ya koni tatu nne unajua gauni moja linakula uzi wa shilingi ngapi, na unauweka kwenye bei. Uzi wa rangi ya pekee ulionunuliwa kwa ajili ya mteja mmoja, huo uandikwe moja kwa moja kwenye oda yake.

Zikabaki zile sentimita 50 za kitenge cha pili, upana wote. Siku ya kuchukua nguo fundi alizitoa zikiwa zimekunjwa na kubanwa namba 27. "Mama, kimebaki hiki. Nikushonee kitu au nikufungie?"

"Nifungie, fundi. Nina mjukuu ndiyo kwanza anatambaa, atapata kigauni."

Kila fundi anapaswa kuwa na mpaka wake wa mabaki, na mteja auone umeandikwa kwenye risiti. Wa huyu ni sentimita 25: kipande chenye upana wote na urefu huo au zaidi kinaandikwa na kurudishwa, chini ya hapo kinaingia kwenye gunia la vipande, na mteja akikitaka anaambiwa achague. Kisichochukuliwa ndani ya miezi mitatu kinahamia kwenye stoo ya duka kwa tarehe, kikawe mfuko wa suruali au kola ya mtoto.

Karatasi hii haioni kila kitu. Inapima urefu uliokatwa, haipimi vipande vinavyobaki katikati ya ruwaza, kwenye makwapa na kiunoni. Fundi hodari wa kubana ruwaza anaweza kujitolea kofia nzima ndani ya zile 240 na daftari likasoma sifuri.

Kwa hiyo wewe unayepeleka kitambaa, usiwe na haraka ya kuondoka. Subiri kipimwe mbele yako, usome kilichoandikwa, na siku ya kuchukua nguo uulizie mabaki kwa namba ya oda yako.