Ubalozi Wako Huenda Uko Nchi Nyingine

Mtanzania anayeishi Dublin akipoteza pasipoti, anaweza kuuzunguka mji mzima asiuone ubalozi wa nchi yake. Haupo. Ubalozi unaoihudumia Ayalandi uko ng'ambo ya bahari, namba 3 Stratford Place, London. Mwenzake kutoka Kenya ana ubalozi hapo hapo Dublin. Serikali nyingi hazimudu kufungua ofisi kila mji mkuu, hivyo balozi mmoja hukabidhiwa nchi kadhaa, na hizo zote huitwa eneo lake la uwakilishi. Kabla ya kutafuta anwani, basi, jua kwanza ni ubalozi upi unaowajibika kwa nchi unayoishi.

Anzia kwenye tovuti ya wizara ya mambo ya nje ya kwenu. Kwa Tanzania ni foreign.go.tz, na ya ubalozi wa London ni uk.tzembassy.go.tz. Itazame hiyo go.tz kwa makini, maana ni ya taasisi za serikali. Ukitafuta mtandaoni, mara nyingi hutangulia kurasa za watu binafsi zinazoorodhesha balozi za dunia nzima. Mimi siziamini. Hunakiliana tu, na ofisi ikihama, anwani ya zamani hubaki humo miaka.

Kisha linganisha na orodha ya nchi mwenyeji, kwa sababu wizara yake ya mambo ya nje ndiyo inayowatambua mabalozi. Uingereza huchapisha yake kwa jina la London Diplomatic List. Anwani zikiafikiana, piga simu uulize saa za huduma na kama lazima uweke miadi. Kwa kawaida ofisi hizi hufunga sikukuu za nchi zote mbili.

Yule wa Dublin bado ana mtihani: kuingia London kunahitaji viza, na viza inahitaji pasipoti aliyoipoteza. Asikate tiketi. Aulize kwa simu ni nyaraka zipi zinapokewa kwa posta, na kama kuna siku maofisa wa ubalozi watakwenda Dublin.

Penye konseli wa heshima, uliza mapema mipaka yake. Mara nyingi ni mwenyeji wa nchi ile mwenye shughuli zake, na kwa kawaida hatoi pasipoti. Mwezi Agosti 2020 wafanyakazi wa Kenya walipiga kambi nje ya ofisi ya namna hiyo mjini Beirut wakidai warudishwe kwao. Ubalozi wenyewe wa kuihudumia Lebanoni ulikuwa Kuwait.

Ukikamatwa na polisi, mzigo huo wa kutafuta si wako. Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli inawataka wakueleze haki yako, na ukiomba, wao ndio wautaarifu ubalozi wako bila kuchelewa.