"Takriban": Neno Moja, Magunia 100

Barua ya mkopo ni ahadi ya benki kumlipa muuzaji, mradi hati zake zilingane na masharti. Tuseme inataka takriban magunia 1,000 ya kahawa, kwa jumla ya dola 200,000. Mfasiri akidhani "takriban" ni pambo na kuliacha, amebadili sharti. Kanuni za UCP 600, zinazotumika tangu 2007, zinalipatia neno hilo kipimo: asilimia 10 zaidi au pungufu. Magunia 900 hadi 1,100 yanakubalika.

Hata hivyo, neno hilo hugusa kile tu linachokitangulia. Dola hazikuwekewa "takriban", hivyo benki hailazimiki kulipa zaidi ya 200,000 hata yakipakiwa magunia 1,100. Mfasiri akilisogeza mbele ya fedha ili sentensi ipendeze, ameiongezea benki deni la dola 20,000.