Mkia Unaochakaa Kwenye Majina ya Kampuni za Data

Kampuni ya Kimarekani iliyoanzishwa na Tom Siebel mwaka 2009 katika miaka yake ya mwanzo ilijulikana kama C3 Energy, kwa kuwa wateja wake walikuwa kampuni za nishati. Mwaka 2016, kila mtu katika sekta hiyo alipokuwa akizungumzia mitambo na vihisi vinavyotuma data kupitia intaneti, ikajiita C3 IoT. Mwaka 2019 ikawa C3.ai, na ilipoingia Soko la Hisa la New York Desemba 2020 ikachukua alama ya hisa AI. Kiini cha kazi yake hakikubadilika sana: kuchambua data za mashirika makubwa ili kubashiri, kwa mfano, mtambo upi unakaribia kuharibika. Kilichokuwa kikibadilika ni mkia wa jina, na sehemu iliyodumu, C3, ndiyo pekee isiyotaja sekta wala teknolojia.

Anayetafutia bidhaa yake ya akili mnemba jina hana budi kuutazama mkia huo kwa makini. Neno linalovuma kwa kawaida hutaja mbinu, na mbinu ndiyo sehemu ya bidhaa inayobadilishwa mapema kuliko zote. Kampuni ya MapR ilichota jina lake kwenye MapReduce, mbinu ya kuchakata data nyingi kwa kompyuta nyingi ambayo Google iliieleza hadharani mwaka 2004. Mbinu za kasi zaidi kama Spark zilipoingia, MapR nayo ilizikumbatia, lakini jina likaendelea kuwakumbusha wateja zama zilizopita. Mwaka 2019 mali zake zilinunuliwa na Hewlett Packard Enterprise. Jina silo lililoiangusha. Soko zima la aina hiyo lilikuwa limehamia kwenye huduma za wingu. Ila kampuni inayojitahidi kuonyesha kwamba imegeuka inahitaji jina linaloiruhusu kugeuka.

Wapo watakaosema kwamba neno linalovuma huleta pesa, na ushahidi wanao. Utafiti wa Cooper, Dimitrov na Rau, uliochapishwa mwaka 2001, ulionyesha kuwa kampuni zilizobadili majina kufuata mtindo wa intaneti zilipata faida ya hisa ya takriban asilimia 74 juu ya kawaida katika siku 10 zinazoizunguka siku ya tangazo, hata zile ambazo biashara yake haikuhusiana sana na intaneti. Desemba 2017 muuzaji wa chai baridi, Long Island Iced Tea, alijiita Long Blockchain na bei ya hisa zake ikapaa. Lakini mwaka uliofuata soko la Nasdaq liliziondoa hisa hizo, na baada ya anguko la kampuni za intaneti ilidhihirika kwamba wawekezaji walizipokea vizuri kampuni zilizolifuta neno lilelile. Faida hiyo ipo, ila ni ya mwenye hisa anayeuza wiki hiyo. Kampuni changa ambayo hisa zake haziuzwi sokoni haiwezi kuivuna hivyo. Yenyewe inabaki na jina.

Jina hilo pia ni gumu kulilinda kisheria. Februari 2024 ofisi ya alama za biashara ya Marekani iliikatalia OpenAI kusajili GPT, kwa hoja kwamba herufi hizo zinaeleza tu aina ya bidhaa. Ikiwa mwenye bidhaa maarufu kuliko zote alikwama, kampuni changa inayozibandika mwishoni mwa jina lake haiwezi kutarajia herufi hizo ziitofautishe na washindani. Kulibadilisha baadaye nako kuna gharama, kwa sababu jina la programu huingia ndani ya kazi za wateja. Amazon iliibadilisha huduma yake ya Elasticsearch kuwa OpenSearch mwaka 2021, kwa sababu nyingine kabisa, lakini wateja bado wanaandika ruhusa kama `es:ESHttpGet`, kwa herufi za jina la zamani.

Hoja nzito zaidi ya wanaopinga ni kwamba jina lisilotaja teknolojia halimwelezi mteja chochote. Hapa inafaa kutenganisha jina na maelezo yake. Tuseme kampuni ya Dar es Salaam inauza programu ya kubashiri dawa zitakazoisha katika maduka ya dawa. Ikiiita DawaGPT, halafu mwaka wa tatu ikagundua kwamba hesabu za kawaida za takwimu zinabashiri vizuri zaidi kwa gharama ndogo, jina litakuwa linasema uongo. Ikiiita Akiba na kuandika chini yake "ubashiri wa dawa kwa akili mnemba", mstari huo wa chini unaweza kufutwa kwa siku moja, bila kugusa mikataba, anwani ya tovuti wala usajili. Hata hivyo Akiba lenyewe ni neno la kawaida ambalo benki na vikundi vya kuweka fedha hulitumia sana, kwa hiyo kabla ya kuchapisha chochote mwenye kampuni aende kulitafuta kwanza katika daftari la alama za biashara la BRELA.