Umeme ulipotulia, seva ikaanza kufa

Ofisi moja mjini Morogoro, chini kabisa ya Milima ya Uluguru, ilizoea seva kuzima kila umeme ukikatika. Wakafunga betri. Baada ya hapo programu ya risiti ikaanza kujifunga yenyewe, na bado lawama zikaenda kwa umeme.

Msimamizi wa mifumo, kijana aliye kwenye ajira yake ya kwanza, akafungua logi. Umeme ukikatika, logi huishia palepale bila kuaga. Hizi ziliaga:

```
Out of memory: Killed process 2187 (python3)
```

Yaani memori imeisha, Linux ikaua programu iliyokula nyingi. Ilitokea mara tatu, kila baada ya siku 11 au 12.

Akaanza kupima kila jioni: GB 2.1, kesho yake 2.7, kisha 3.3. Jumapili ofisi imefungwa, haikupanda wala kushuka. Kumbe inavuja kwa kila risiti, si kwa saa. Seva ina GB 8, hesabu ikakubali.

Na zamani? Kukatika kwa umeme ndiko kulikokuwa kunaisafisha memori kabla haijajaa.

Kwa sasa programu inawashwa upya kila Jumamosi usiku, wakati walioiandika wanatafuta risiti zinakwama wapi.