Dada Mkuu Anapoomba Kura

"Mkinichagua, nyama italiwa mara tatu kwa wiki na viboko vitakoma!" Mgombea akitamka hivyo mstarini, makofi hayakosi. Tatizo huanza akishashinda, kwa kuwa mambo yote mawili hayamo katika uwezo wake.

Chakula hupangwa na uongozi wa shule kulingana na fedha zilizopo. Viboko navyo vina kanuni zake. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2002 zinampa mamlaka hayo mkuu wa shule, au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, tena kwa viboko visivyozidi vinne. Kiranja hana ruhusa ya kumchapa mwenzake. Kwa hiyo mgombea hawezi kuahidi kufuta adhabu, ila anaweza kusema bila kumvunjia mtu heshima: "Katika uongozi wangu, kiranja hatashika fimbo. Mwenye kosa ataandikwa jina na kupelekwa kwa mwalimu wa zamu."

Ahadi nzuri zaidi hutoka kwenye kero inayohesabika. Tuseme shule ya bweni ina wanafunzi 480 wanaopakuliwa chakula kwenye dirisha moja. Kila sahani ikichukua sekunde 10, wa mwisho atangoja dakika 80, na kengele ya vipindi vya mchana itamkuta bado yuko kwenye foleni. Madirisha yakiwa mawili, muda unashuka hadi dakika 40. Kinachohitajika ni upawa wa pili, sufuria ya pili, mpakuaji mmoja zaidi na viranja wa kusimamia foleni.

Lakini asikimbilie kutangaza. Kwanza amwendee mwalimu anayesimamia chakula, kisha azungumze na wapishi, kwa sababu huenda dirisha la pili lilifungwa kwa sababu maalumu. Wakikubali kujaribu, siku ya kampeni atasimama na kusema:

"Mkuu wa shule, walimu wangu, shikamooni. Wanafunzi wenzangu, hamjambo? Dada mkuu anayemaliza muda wake alitupangia zamu za usafi, nami nitaziendeleza. Foleni ya chakula inatuchelewesha darasani. Nimezungumza na mwalimu wa chakula, naye amekubali tujaribu madirisha mawili kwa wiki mbili. Mkinichagua, nitaweka viranja wawili kila dirisha, na kidato cha kwanza hawatasukumwa nyuma. Nyama siwezi kuwaahidi. Maombi yenu nitayafikisha kwenye baraza, na majibu nitawaletea hata yakiwa hapana."

Hotuba hiyo haimalizi dakika mbili. Haikumsema vibaya mpinzani wala kumtupia lawama aliyetangulia, na neno "nimezungumza" lina uzito kuliko "nitahakikisha" kumi, kwa maana mwalimu aliyetajwa yupo pale pale akisikia.

Walimu walezi wa viranja, kabla ya siku ya kampeni mwiteni kila mgombea na mumwulize swali moja juu ya kila ahadi yake: nani anapaswa kuikubali, na je, umeshamwuliza?