Mgeni alilipa majuma 12, akatoka juma la 7: namna tulimrudishia makuta yake

Mwaka 2024 nyumbani kwetu, hapa Lubumbashi, tulipokea mwanafunzi mmoja wa kutoka Ubeljiji. Alikuja kwa ajili ya memwari yake juu ya makala na pori la miombo. Mapatano yalikuwa dola 60 kwa juma: chumba, chakula cha asubuhi na cha magharibi, maji, na nguo kufuliwa. Alifika siku ya kwanza, tarehe 5 Februari, akalipa majuma 12 yote mara moja. Dola 720 mezani, noti mupya mupya. Mama hakulala mapema ile usiku.

Juma la tano, simu ikaingia kutoka Kolwezi. Mjomba ni mgonjwa, atakuja na bibi yake kutafuta matunzo hapa, na nyumba yetu ina vyumba vitatu tu. Ilibaki kumwambia mgeni atoke. Ninaandika hii juu ya wenzangu ambao, sawa mimi, walimaliza lisansi na wangali kwa wazazi: siku ikifika, ni wewe utaitwa kuandika barua na kupiga hesabu, hata kama ulisoma agronomia na si sheria.

Kosa letu la kwanza lilikuwa la mdomo. Siku tatu nzima mama alikuwa anapitia pembeni. Anaweka bukari mezani, anasema: "Eh, kaka yangu atakuja. Hata sijui tutalala wapi." Mtu wa kwetu angesikia hapo hapo, angeanza kupanga valizi yake. Mgeni alijibu kwamba atafurahi sana kumsalimia mjomba. Mama akaniangalia, mimi nikaangalia sahani. Hakuwa mjinga. Kwao, kama unataka mtu atoke unamwambia tarehe, na kama hukusema tarehe, basi hujasema kitu. Kwa hiyo preavi inapaswa kuwa na vitu vitatu vinavyosemwa wazi: sababu, usiku wa mwisho, na makuta atakayorudishiwa. Kama moja inakosekana, unampa wasiwasi bure.

Tulimwambia siku ya tatu, tarehe 6 Machi, nyuma ya chakula. Mama mwenyewe ndiye alisema, mimi nikiwa pale kwa kusaidia Kifaransa. Usimtume mtoto, wala usiandike meseji kwanza. Yule kijana alikuwa anamwita "Mama"; kufukuzwa na Mama kupitia simu kungemuumiza kuliko kukosa chumba. Mama alisema: "Mwanangu, haukukosa kitu. Kaka yangu anagonjwa, chumba chako ndicho chumba nitamupatia." Kijana alinyamaza kidogo, halafu akauliza: mpaka lini? Hapo nikamtolea barua. Barua haichukue nafasi ya maneno. Inakuja kusaidia kumbukumbu, kwa sababu usiku ule mtu hasikii vizuri tarehe. Iliandikwa hivi, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili:

"Leo tarehe 6/3/2024, tunakujulisha kwamba mapatano ya chumba na chakula yanaisha juu ya ugonjwa wa ndugu yetu. Usiku wako wa mwisho ni tarehe 24/3/2024. Ulilipa majuma 12. Majuma 5 ambayo hutakaa, dola 300, utarudishiwa yote siku ya kutoka, mbele ya kuchukua mizigo. Ukipata nafasi nyingine mapema, unaweza kutoka mapema."

Kwa nini tarehe 24? Mapatano yetu yalisema preavi ni majuma mawili. Mama alitaka kuhesabu tangu usiku ule ule, ili atoke tarehe 20. Lakini juma lilikuwa limeshaanza, na kijana alikuwa na safari ya pori katikati yake. Tuliacha lile juma limalizike, halafu tukahesabu majuma mawili kamili: tarehe 11 mpaka 17, na 18 mpaka 24. Ukihesabu kwa majuma mazima, yaani siku ya kwanza mpaka siku ya Mungu, ugomvi wa nusu juma unapungua. Kama hamkuandika preavi yoyote, mimi ningetoa hayo hayo majuma mawili. Chini ya hapo mgeni hawezi kupata nyumba, na utamkuta angali kitandani siku mjomba anashuka kwenye basi.

Sasa makuta. Hapa ndipo nyumba nyingi zinaanguka, na yetu karibu ianguke.

Watu wanachanganya garanti na avansi. Garanti ni makuta ya kulinda nyumba; kwa nyumba za kuishi, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha inasema isipite miezi tatu. Avansi ni bei ya majuma ambayo mtu hajaishi bado. Yule kijana hakuweka garanti, aliweka avansi tu. Maana yake, kila juma linalopita, dola 60 zinakuwa za mama, na zinazobaki zingali za mgeni, hata kama ziko ndani ya sanduku la mama. Na mapatano si maneno ya kucheza: kifungu cha 33 cha sheria yetu ya mapatano, ile ya tangu 1888, inasema mapatano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa wale waliyoyafanya. Tuliahidi majuma 12. Tukitoa saba, tunarudisha tano.

Jioni ya tarehe 6 nilimwomba mama tuhesabu. Alikuwa amelipa minervali ya mdogo wangu, dola 280. Godoro na rangi ya chumba, 110. Chakula cha mwezi na siku kidogo, 140. Zilibaki 190. Na tulikuwa bado na zaidi ya majuma mawili ya kumlisha, kama dola 70. Siku ya kutoka tungekuwa na 120 mkononi, na deni la 300. Mama akakaa chini. Aliyakula makuta ya mwezi wa ine katika mwezi wa pili.

Mawazo yakaanza kuja. Tukate godoro, si tulinunua juu yake? Hapana. Godoro linabaki kwetu, mjomba ndiye atalilalia. Tukate rangi? Rangi iko kwenye ukuta wetu. Tumwambie atapata makuta mwezi wa tano? Hii ndiyo mbaya kuliko yote. Nyumba mupya anayoenda nayo itaomba avansi. Ukimtoa bila kumrudishia, umemtoa barabarani, na kila siku atapita mlangoni kuuliza. Ndiyo maana tuliandika kwenye barua kwamba makuta yanatoka siku ya kutoka, mbele ya mizigo. Tulijifunga sisi wenyewe. Kama makuta hayajatimia, yeye anabaki chumbani, mjomba analala saluni. Unachoweza kukata ni kile tu ambacho mgeni mwenyewe anakubali kwamba ni deni lake, kwa mfano makuta uliyomkopesha au dirisha alilovunja. Usiku alizolala pori hatukuzigusa pande zote mbili: chumba kilimngoja, wala hatukuwa tumeahidi kupunguza chakula.

Mama alienda kuona wamama wa likelemba yake, akaomba zamu yake isogezwe mbele. Walikubali, akapata dola 200. Pamoja na 120, tukawa na 320. Nilifikiri hesabu imeisha.

Halafu kijana akapata nafasi mapema. Mama wa kanisani kwetu alikuwa na chumba, na mama yangu mwenyewe ndiye alimpeleka kukiona. Alitoka siku ya ine asubuhi, tarehe 21 Machi. Juma la saba alilala usiku tatu tu: 18, 19 na 20. Usiku ine zikabaki. Mama akasema: "Ni yeye mwenyewe alitoka mbele ya siku, miye sikumufukuza ile siku." Kwa kweli lile neno lina uzito, kama mgeni ndiye alivunja mapatano. Mgeni akitaka kwenda kwa mapenzi yake, analipa preavi yote hata asipolala, kwa sababu wewe umemwekea chumba. Lakini hapa ni sisi tulivunja, na barua yetu ilisema anaweza kutoka mapema. Kumlipisha usiku ambazo hakulala, wakati chumba tunakitaka, ni kulipwa mara mbili.

Basi tukahesabu kwa usiku. Majuma 12 ni usiku 84. Dola 720 gawanya kwa 84 ni dola 8 na senti 57 kwa usiku moja. Alilala majuma sita, usiku 42, na tatu juu yake: 45. Zikabaki 39. Mara 8,57 ni dola 334. Dola 14 zilizokosekana nilitoa mimi, na mama hajanirudishia mpaka leo, lakini hiyo ni habari nyingine.

Mambo mawili madogo yanaharibu siku kama ile. La kwanza ni noti. Hapa kwetu noti ya dola iliyopasuka kidogo inakataliwa, na noti za dola moja watu hawazipokei. Mgeni alitupa noti safi. Ukimrudishia zilizochoka, umempunguzia. Tulitafuta noti nzuri mbele ya siku, tukampa dola 330, na zile 4 tukampa kwa franka kwa bei ya siku ile. La pili ni karatasi. Alihesabu mbele yetu, halafu akasaini dechaji: tarehe, usiku 39, dola 334, "sina kitu kingine ninachodai". Nakala mbili. Bila hiyo, nyuma ya miezi sita mtu anaweza kukumbuka vingine, hata wewe mwenyewe.

Siku ile ile nilimjulisha profesa aliyemleta kwetu, nikampa anwani mupya. Kama ni wewe ulisaini barua ya kumpokea kwa ajili ya viza, fanya hivyo kwa maandishi, na mgeni mwenyewe aende kusema anwani yake kule DGM. Vinginevyo, siku wakimtafuta, watakuja kupiga hodi kwako.

Mwaka uliofuata mama alipokea mwanafunzi mwingine, majuma manane. Safari hii makuta yaliingia ndani ya bahasha, na bahasha ilikaa kwangu. Kila siku ya Mungu magharibi, mgeni akiisha kula, ninatoa za juma moja ninampa mama. Analalamika kila mara. Juma la sita aliomba avansi ya avansi, nikamwonyesha ile dechaji ya kwanza, akacheka, akaenda jikoni.