Tairi la Mbele au la Nyuma: Lipi Libadilishwe Kwanza?

Dereva wa pikipiki ya abiria anayeteremka kutoka Batsinda asubuhi akiwa na abiria nyuma yake hufunga breki mara nyingi, na kila afungapo uzito huhamia mbele. Tairi la mbele ndilo linalosimamisha na kuelekeza chombo. Likiteleza, dereva huanguka kabla hajawahi kulirekebisha. La nyuma likiteleza, mara nyingi hupatikana nafasi ya kuachia breki.

Hata hivyo, la nyuma ndilo huisha upesi, kwa kuwa husukuma chombo na kubeba abiria. Huliwa katikati hadi likawa bapa, na pikipiki ikawa nzito kuinama kwenye kona. Upepo ukipungua, huliwa pembeni. Basi upimwe asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji; kwa pikipiki nyingi ndogo, nyuma huongezwa akiwapo abiria.

Chukua dereva mwenye fedha za tairi moja. La nyuma limefikia vipande vya mpira vilivyoinuka ndani ya mifereji. La mbele lina mifereji ya kutosha. Abadilishe la nyuma. Asihamishie lile kuukuu mbele, kama wafanyavyo wengine! Lakini la mbele likiwa na nyufa, badiliko lake lisingoje mifereji iishe: laweza kudumu miaka hadi mpira ukakakamaa. Yakiwa yote mawili yamekwisha, pikipiki isibebe abiria.